Sauti ya mtu iko safi, muziki wa kusubiri umeharibika: tatizo liko wapi

Dalili iko hivi. Mtu anapiga simu ofisini, anapokelewa, anaongea vizuri kabisa, kila neno linasikika, afu anaambiwa subiri kidogo, muziki unaanza, na hapo ndo shida inapoanzia, maana gitaa linatetemeka kama linapigwa chini ya maji, kinanda kinayumba, waimbaji wanaungana wanakuwa sauti moja ya ajabu, mara muziki unafifia mara unarudi. Akirudi yule aliyempokea, sauti yake iko safi tena kama mwanzo.

Wengi wakikutana na hii wanalaumu intaneti, au wanabadilisha wimbo mara tatu mara nne, au wananunua faili lenye ubora mkubwa zaidi, na hamna kinachobadilika. Mi nimeshika mitambo ya simu za ofisi miaka mingi na nasema kabla hujagusa chochote jiulize swali moja tu: kwenye simu hiyohiyo, laini hiyohiyo, sauti ya mtu ikoje? Kama nayo inakatika au inatoka kama roboti, basi tatizo ni njia, pakiti zinapotea, yaani vile vipande vidogo ambavyo sauti inakatwakatwa ili isafirishwe, na pakiti zikipotea hazichagui kama zimebeba maneno au muziki. Lakini sauti ya mtu ikiwa safi na muziki ndo mbovu, njia haina kosa. Kuna kitu katikati kinachojua kubeba mdomo wa binadamu na hakijui kubeba gitaa.

Sababu yenyewe: simu haibebi sauti, inabeba maelezo ya koo

Watu wanajua kwamba simu inakata masafa, ni kweli, simu ya kawaida inapitisha kuanzia Hz 300 hivi hadi Hz 3400 tu, juu na chini ya hapo panakatwa. Kwa hiyo gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene kabisa unapiga Hz 41, linaondoka, na matoazi ya ngoma yanaondoka. Ila hilo peke yake linafanya muziki usikike mwembamba, kama redio ndogo ya zamani, haliufanyi utetemeke. Ukisikia muziki ni mwembamba lakini umetulia, hiyo ni simu ya kawaida inafanya kazi yake.

Na kwa nini mtu hapati shida na ukataji huo? Sauti ya mwanaume mzito inatokea Hz 100 hivi, yaani chini kabisa ya mpaka, ila masikio yetu yanaona ngazi za juu yake, 300, 400, 500, 600, ubongo unajaza ile ya chini iliyokosekana na unasikia sauti nzito kama kawaida. Kinachoumia ni herufi kama S na F, kwa sababu tofauti yao kubwa iko juu ya Hz 4000, ndo maana ukimtajia mtu neno geni kwenye simu, "saa" na "faa" anaweza kuvichanganya, lakini kwenye sentensi anaelewa tu. Muziki hauna sentensi ya kukusaidia kujaza kilichokatwa.

Sasa tuje kwenye kutetemeka, hapo ndo penye kazi.

Simu ya zamani ya kidijitali inatumia kodeki, yaani utaratibu wa kugeuza sauti kuwa namba na kuirudisha kuwa sauti, inayoitwa G.711, ni ya mwaka 1972, inapima wimbi la sauti mara 8000 kwa sekunde na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Hii haijali umeongea, umepiga filimbi au umebamiza mlango, inaandika wimbi lilivyo. Muziki ukipita humo unakuwa mwembamba lakini unabaki muziki.

Biti 64,000 zilionekana nyingi, hasa kwenye simu za mkononi ambako hewa ni ya kugawana, kwa hiyo zikatengenezwa kodeki zinazobana zaidi. G.729 inatumia biti 8,000 kwa sekunde, yaani sehemu moja ya nane. AMR ya simu za mkononi inapanda na kushuka kati ya 4,750 na 12,200 kulingana na hali ya mtandao. Huwezi kulibana wimbi kiasi hicho ukaliandika lilivyo, haiwezekani, kwa hiyo wabunifu wakafanya kitu cha akili sana: wakaacha kuandika wimbi, wakaanza kuandika *jinsi koo na mdomo vinavyolitengeneza*.

Fikiria unavyosema "aaa" afu ukageuza kuwa "iii" bila kukata pumzi. Nyuzi za sauti kwenye koo zinaendelea kupiga vilevile, kilichobadilika ni ulimi na midomo tu, yaani umbo la bomba ambalo sauti inapitia. Kodeki inafanya hivyo hivyo kinyumenyume, inachukua kipande kifupi cha sauti na kujiuliza maswali machache: bomba lina umbo gani sasa hivi, koo linapiga mara ngapi kwa sekunde, kwa nguvu kiasi gani, na kuna mabaki gani ambayo maswali hayo hayajayaeleza. Inatuma majibu tu. Upande wa pili simu inatengeneza koo la kuigiza na bomba la kuigiza, inaviendesha kwa majibu hayo, na unachosikia ni sauti iliyotengenezwa upya hapohapo sikioni kwako.

Kwenye G.729 hesabu yake iko hivi, na naiweka kwa sababu ukiiona hutauliza tena kwa nini gitaa linalia. Kila milisekunde 10 kodeki ina biti 80 tu za kutumia. Biti 18 zinaenda kwenye umbo la bomba, 14 zinaenda kwenye mpigo wa koo, 14 kwenye nguvu, na 34 zinabaki kwa ajili ya yale mabaki. Na mabaki yanaelezwaje? Kwa kila milisekunde 5 zenye vipimo 40, kodeki inaruhusiwa kuweka vipigo vinne tu, vinne, kila kimoja cha kwenda juu au chini, basi. Vipimo 40, vipigo vinne. Kwa sauti ya mtu vinatosha, maana mpigo wa koo na umbo la mdomo vimeshaeleza karibu kila kitu na kilichobaki ni kidogo.

Sasa piga kodi ya gitaa, nyuzi tatu nne kwa pamoja, kila uzi na mpigo wake. Kodeki inauliza koo linapiga mara ngapi kwa sekunde, na nafasi ya jibu ni moja. Haina mahali pa kuandika mipigo mitatu. Inachagua mmoja unaoonekana una nguvu, au inachagua namba inayokaribiana na yote, afu nyuzi nyingine zote zinaangukia kwenye mabaki, na mabaki yana vipigo vinne. Haitoshi hata kidogo. Milisekunde 5 zinazofuata uzi mwingine umekuwa na nguvu kidogo zaidi, kodeki inabadilisha uamuzi, inachagua mpigo mwingine. Inabadilisha tena. Inabadilisha tena. Huko kubadilika hadi mara mia mbili kwa sekunde ndo kutetemeka unakokusikia, ndo yale maji. Wala spika yako haijachoka, ni kodeki inatafuta koo moja mahali ambapo hakuna koo.

Ndo maana pia filimbi moja peke yake, au mtu mmoja anayeimba bila vyombo, inapita vizuri kuliko bendi nzima. Mpigo ni mmoja, kodeki inaupata. Weka ngoma, besi, gitaa na waitikiaji kwa pamoja, inapotea.

Kesi moja, hatua kwa hatua

Niliitwa ofisi moja yenye watu kama kumi wanaopokea simu za wateja, switchibodi yao ni programu ya Asterisk kwenye seva yao wenyewe. Malalamiko: muziki wa kusubiri "umeoza", wateja wanakata simu wakidhani laini imeharibika. Walishabadilisha wimbo mara mbili.

Cha kwanza nilipiga simu ya ndani kwa ndani, kutoka meza moja kwenda nyingine, nikaomba nisubirishwe. Muziki ulikuwa mwembamba kidogo lakini umetulia, hauna maji. Hiyo tayari ilinipa nusu ya jibu, faili ni zima na seva ni nzima. Nikapiga kutoka simu ya mezani ya nje, maji yakaanza. Nikapiga kutoka simu ya mkononi, ikawa mbaya zaidi, hata wimbo wenyewe usingeutambua kama hukuujua tangu mwanzo.

Nikaacha ile simu ya mkononi inasubirishwa, nikaingia kwenye seva kuangalia:

```
asterisk -rx "pjsip show channelstats"
```

Inaonyesha kila simu iliyo hewani na kodeki yake. Za ndani ziliandikwa `alaw`, hiyo ni G.711. Laini ya nje iliandikwa `g729`. Na safu za pakiti zilizopotea zilikuwa sifuri sifuri, kwa hiyo habari ya intaneti tukaifunga hapo.

Sasa fuata njia ya ule muziki uone ulivyoteswa. Faili lilikuwa MP3, yaani limeshabanwa mara moja, ingawa MP3 inabana kwa kufuata sikio la msikilizaji, haiigizi koo, kwa hiyo muziki unaiweza. Seva inalifungua na kulibana tena kwa G.729 kwenda kampuni ya laini. Kule linafunguliwa tena kwa sababu lazima lipelekwe mtandao wa simu za mkononi, na mtandao huo unalibana mara ya tatu kwa AMR. Kila kodeki inayokuja inachukua makosa ya aliyetangulia kama ndo muziki wenyewe, inajitahidi kuyaeleza na yale makosa, na biti zake chache zinaishia humo. Sauti ya mtu inavumilia mibano miwili mitatu ya namna hii kwa sababu hata baada ya kubanwa bado inafanana na sauti ya koo. Muziki baada ya mbano wa kwanza wa koo haufanani tena na kitu chochote.

Nikawauliza G.729 iliwekwa kwa nini, wakasema zamani intaneti yao ilikuwa ndogo. Sawa, hiyo ilikuwa sababu ya haki kabisa, tukapiga hesabu. Simu moja ya G.729 ikishavalishwa vichwa vya pakiti inakula kilobiti 24 hivi kwa sekunde kila upande, ya G.711 inakula 80. Kwa simu kumi za pamoja ni 240 dhidi ya 800. Laini waliyonayo sasa inabeba hizo 800 bila hata kusikia, kwa hiyo kwenye `pjsip.conf`, sehemu ya laini ya nje, nikaandika:

```
allow=!all,alaw
```

Hapa kuna tahadhari, kampuni inayokupa laini lazima nayo ikubali `alaw`, kama haikubali simu hazitaunganika kabisa, kwa hiyo waulize kwanza na ujaribu saa ambayo hamna wateja. Baada ya hapo simu ya mezani ikawa sawa na ya ndani. Ya mkononi ikapungua maji kwa kiasi kikubwa, ila haikuisha, kwa sababu AMR ya mtandao wa simu iko palepale na we ofisini huna mkono wa kuifikia. Kilichobaki ikabidi kitatuliwe kwenye muziki wenyewe, tutafika.

Jambo moja lililonichelewesha siku hiyo ni kwamba mwenye ofisi alinipa rekodi za simu zilizohifadhiwa na seva, nikasikiliza, muziki uko safi kabisa, nikaanza kuwaza labda wateja wanazidisha. Kumbe seva inarekodi *kabla* haijabana kwenda nje. Uharibifu unatokea baada ya pale kinasa kilipokaa. Usiamini rekodi ya seva kwenye tatizo hili hata siku moja, piga kutoka nje usikilize kwa sikio.

Muziki unapotea na kurudi

Hii ni dalili nyingine na chanzo chake ni kingine, ingawa mara nyingi zinakuja pamoja na watu wanazihesabu kama kitu kimoja. Wimbo unaanza kwa nguvu, unafika sehemu ya taratibu, ghafla kimya au mlio mdogo wa shshsh, afu ngoma ikiingia muziki unarudi kwa kishindo.

Ukiongea kwenye simu, karibu nusu ya muda unasikiliza, hutoi sauti. Kutuma kimya ni kupoteza, kwa hiyo mitambo mingi ina kitu kinachosikiliza na kuamua sasa hivi mtu anaongea au haongei, akiwa haongei inaacha kutuma na upande wa pili unapewa shshsh ya kutengenezwa ili asidhani simu imekatika. Kwenye AMR kwa mfano, wakati wa kimya badala ya fremu, yaani kipande kimoja cha sauti, kila milisekunde 20 inatumwa taarifa ndogo ya hiyo shshsh kila milisekunde 160 tu. Hicho kitambuzi kimefundishwa kwamba maneno yanapanda na kushuka, yana silabi, yana mapengo, na kelele ya nyuma ni ile iliyotulia isiyobadilika. Sasa kinanda kilichoshikilia noti ndefu ya taratibu kinafanana na nini? Kinafanana na feni. Kitambuzi kinaamua hiyo ni kelele, kinakata. Waliotengeneza AMR walilijua hili wakaweka sehemu ya kutambua muziki ili usikatwe, lakini vifaa vingine njiani havina hiyo busara.

Kutofautisha na pakiti kupotea ni rahisi sana: piga mara tatu usikilize wimbo uleule. Muziki ukikatika *sehemu ileile ya wimbo* kila mara, ni kitambuzi cha kimya. Ukikatika leo hapa kesho pale bila mpangilio, ni mtandao.

Dawa ni kukizima kwenye kila kifaa unachokimiliki. Kwenye simu za mezani za ofisi na vifaa vya kuunganishia laini angalia mahali palipoandikwa `VAD` au `Silence Suppression`, zima. Na kama bado umelazimika kubaki na G.729, hakikisha kwenye makubaliano ya mwanzo wa simu kuna mstari huu:

```
a=fmtp:18 annexb=no
```

Ukikuta `annexb=yes`, au mstari haupo kabisa, upande mmoja unaweza kuhesabu kwamba ruhusa ya kukata kimya ipo, maana kisipotajwa kinachukuliwa kuwa ni ndiyo.

Muziki unakwaruza

Ukisikia mkwaruzo au mluzi wa ajabu ambao kwenye wimbo haupo, chukua lile faili lililobadilishwa kwa ajili ya simu, lisikilize kwenye kompyuta, na hedifoni, kabla halijapita simu yoyote. Kama mkwaruzo umo tayari, kosa limefanyika wakati wa kubadilisha na hamna kodeki ya kulaumu.

Kosa la kawaida ni kushusha vipimo kutoka 44,100 hadi 8,000 kwa sekunde bila kuchuja kwanza. Ukipima mara 8,000, sauti yoyote iliyo juu ya Hz 4,000 haipotei yenyewe, inajikunja na kurudi chini mahali ambapo si pake: toazi la Hz 5,000 linatokea Hz 3,000, katikati kabisa ya eneo ambalo simu inapitisha, na halina uhusiano wowote na noti za wimbo. Programu nzuri inachuja yenyewe, ya ovyo haichuji.

Kosa la pili ni sauti kubwa mno. Nyimbo za siku hizi zinatengenezwa zikiwa zimejaa hadi ukingoni muda wote, wakati mtu anayeongea kilele chake ni cha hapa na pale na kati yake kuna nafasi. Ukiweka wimbo kama ulivyo unazidi kile laini inachokibeba, vilele vinakatwa bapa, unasikia kukwaruza hasa ngoma ikigonga. Mi nauteremsha hadi kilele kiwe desibeli 12 chini ya mwisho, ukiulinganisha na maneno kwenye simu unakuwa umekaa sawa, na mteja haondoi simu sikioni kwa kushtuka.

Chombo kimoja kimetoweka kabisa

Hii haitokei sana ila ikitokea inachanganya. Wimbo unajulikana una kinanda kinachojaza nyuma, kwenye simu hakipo, mwimbaji yupo. Simu ni mono, wimbo ni stirio, na vinanda vingine vimerekodiwa hivi kwamba mawimbi ya kulia ni kinyume cha yale ya kushoto ili visikike vipana. Ukijumlisha pande mbili kuwa moja, vinafutana. Mwimbaji kawekwa katikati, yuko sawa pande zote, yeye anabaki. Chukua upande mmoja tu badala ya kujumlisha, tatizo limeisha.

Kuandaa faili lenyewe

Anza na faili ambalo halijabanwa, WAV ya asili, usianze na MP3 ya kushusha kutoka mahali. Nikitumia programu ya `sox` naandika hivi:

```
sox wimbo.wav -b 16 kusubiri.wav remix 1,2 highpass 250 lowpass 3400 rate 8000 norm -12
```

`remix 1,2` inajumlisha kulia na kushoto, kama una lile tatizo la kufutana weka `remix 1`. Besi naikata mwenyewe kwenye 250 kwa sababu simu itaitupa hata hivyo, na ikibaki kwenye faili inakula nafasi ya kilele bure, unashusha sauti ya wimbo wote kwa ajili ya kitu ambacho hakuna atakayekisikia. Kisha geuza liwe kodeki ileile ya laini, ili seva isilazimike kubadilisha chochote wakati mteja anasubiri:

```
sox kusubiri.wav -t al kusubiri.alaw
asterisk -rx "moh reload"
```

Kabla hujaliweka, lipitishe kwenye koo la kuigiza hapohapo kwenye kompyuta yako usikilize mteja wa simu ya mkononi atasikia nini. `ffmpeg` iliyojengwa na maktaba ya AMR inafanya:

```
ffmpeg -i kusubiri.wav -c:a libopencore_amrnb -b:a 12200 juu.amr
ffmpeg -i kusubiri.wav -c:a libopencore_amrnb -b:a 4750 chini.amr
```

Ya kwanza ni mtandao ukiwa vizuri, ya pili ni ukiwa umebanwa. Nilifanya hivi kwa ile ofisi na nyimbo tano, mbili za bendi kamili, moja ya kwaya, moja ya gitaa peke yake lililopigwa uzi mmoja mmoja taratibu, na moja ya kinanda cha noti ndefu. Kwaya ndo iliharibika kuliko zote, kwenye 4750 ilikuwa kama nyuki, na ukifikiria ni lazima iwe hivyo, makoo arobaini kwa kodeki yenye nafasi ya koo moja. Bendi zilitetemeka. Kinanda kilikuwa kinayumba kwenye kila mwisho wa noti. Gitaa la uzi mmoja mmoja lilipita kwenye 12200 karibu zima, na kwenye 4750 lilikuwa na ukungu kidogo lakini unaujua wimbo na hauumizi sikio.

Wakachukua gitaa, na kila sekunde 30 wakaingiza sauti ya mfanyakazi wao akisema simu yako bado iko kwenye foleni. Maneno hayo yanatoka safi kila mara, na yana faida nyingine, anayesubiri anajua laini ni nzima.

Mpaka wa hayo yote

Kuna simu zenye bendi pana, AMR-WB inapitisha Hz 50 hadi Hz 7000, S na F zinaachana vizuri, na sauti ya mtu inakuwa kama amekaa mbele yako. Muziki nao unapata mwanga juu, lakini AMR-WB bado ni kodeki ya koo, kwa hiyo kodi za gitaa bado zinayumba, ila kwa kiasi kidogo. Kodeki zilizotatua hili kweli ni zile zenye akili mbili ndani, Opus ya mwaka 2012 na EVS ya 2014, zinasikiliza kinachokuja, kikiwa maneno zinatumia njia ya koo, kikiwa muziki zinahamia njia ya kubana wimbi lenyewe kama MP3 inavyofanya. Ndo maana simu za kwenye programu za intaneti muziki unapita vizuri.

Ila bendi pana inakufaa tu ikiwa kila hatua ya njia imeikubali, seva, kampuni ya laini, mtandao wa mteja na simu yake. Ikiguswa G.711 mahali pamoja tu katikati, inashuka hadi Hz 3400 na haipandi tena hata kama mwisho wa safari kuna simu ya kisasa. Kujua yako imefika au haijafika, mpigie mtu nje ya ofisi mwambie aseme "sisi" na "fifi" bila kukuambia anaanza na lipi. Ukizitenganisha bila kubahatisha, njia ni pana na unaweza kuandaa faili la pili la vipimo 16,000. Ukiwa unakisia, baki na lile la 8,000.